Kabla ya kubadili shampuu, pima maji ya tangi

Swali la wiki: "Nilitia nywele rangi ya maruni kwa ajili ya harusi, na hata wiki ya tatu haijatimia imeshageuka chungwa. Shampuu isiyo na salfeti na maji ya baridi husaidia kweli, au ni maneno ya wauzaji tu?"

Ndugu Mhariri,

Vyote viwili husaidia, ila si kwa mpangilio ambao matangazo yametuzoesha. Kinachotoa rangi kwanza ni maji yenyewe, kisha joto la maji hayo, na sabuni hufuata baadaye. Nimekuwa nikiwatia jamaa na majirani rangi hapa nyumbani Jang'ombe kwa miaka 11, na jambo hili nililielewa sawasawa mwaka jana tu, kwa nywele za mdogo wangu.

Rangi ya kudumu huingia kwenye unywele ikiwa bado si rangi. Amonia huyainua magamba ya unywele, chembe ndogo sana hupenya ndani, na peroksaidi huziunganisha humo humo mpaka zinakuwa kubwa, zinapata rangi na kushindwa kutoka kwa njia ziliyoingilia. Chembe za kahawia kwa kawaida huungana tatu tatu, ilhali nyingi katika zile za nyekundu huungana mbili mbili tu, kwa hiyo nyekundu hubaki ndogo na hupata upenyo kila unywele unaporowa na kufura. Wakati huo huo peroksaidi hupausha weusi wa asili. Lile chungwa alilolilalamikia muulizaji si rangi mpya iliyozuka, bali ni nywele zake mwenyewe zilizopauka, zilizokuwa zimefunikwa na maruni ambayo sasa imeondoka.

Mdogo wangu alitia maruni mwezi wa Januari, katikati ya kaskazi, na baada ya siku 18 akaniletea kichwa cha rangi ya kutu. Alikuwa ameshanunua shampuu isiyo na salfeti kwa bei ambayo sitaitaja, na jua lisingeweza kulaumiwa, kwa sababu hatoki nje bila ushungi. Nilikwenda kwake Mwanakwerekwe ili nimwone anavyoosha. Huosha akirudi kazini, saa tisa alasiri, mara tatu kwa wiki, kwa maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi jeusi la plastiki lililokaa juu ya paa tangu asubuhi. Nilipoweka kifundo cha mkono chini ya bomba niliuondoa mara moja. Kipimajoto cha kukogeshea mtoto kilisoma nyuzi 42, na maji ya mtungi uliokuwa ndani, kwenye pembe ya jiko, yalisoma 27. Yeye alikuwa akiamini kwamba anaosha kwa maji ya baridi, kwa kuwa hajawahi kuyabandika motoni.

Nilimkata kishungi chembamba nyuma ya kisogo, mahali pasipoonekana, nikakigawa mara mbili na kukilowesha katika bakuli mbili nyeupe kwa dakika 10, nusu katika maji ya tangi na nusu katika maji ya mtungi, bila tone la sabuni. Bakuli la tangi lilitoa maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na la mtungi lilitoa uwaridi hafifu ambao ungeweza kuutilia shaka kama bakuli si jeupe. Kila aliyewahi kulowesha kanga mpya nyekundu anaijua hali hiyo. Kwa hiyo muulizaji asiogope neno "baridi", wala asitafute barafu: katika visiwa vyetu maji ya baridi ni yale ya nyuzi 26 au 27 yaliyokaa kivulini. Ayakinge usiku katika ndoo yenye kifuniko, au aoshe asubuhi mapema kabla paa halijapata moto. Ile kauli kwamba maji ya baridi "huyafunga" magamba imetiwa chumvi, kwani kazi hiyo hufanywa zaidi na kondishena, ambayo ina uchachu kidogo. Faida ya ubaridi ni kwamba chembe za rangi hutembea polepole zaidi, basi.

Jambo la pili lilikuwa idadi ya mara. Tulipunguza kuosha kwa shampuu kutoka mara tatu hadi mara moja kwa wiki, usiku wa Alhamisi. Aliniuliza kuhusu josho, nami nikamjibu kwamba josho linataka maji yafike kwenye nywele na ngozi ya kichwa, halitaki shampuu, kwa hiyo siku hizo atumie maji ya ndoo peke yake na asikawie. Usiku wa kuamkia kuosha hupaka kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi kutoka katikati ya nywele hadi ncha, kwa sababu mafuta hayo huingia ndani ya unywele na kuupunguzia kunywa maji. Akizidisha kipimo, atahitaji shampuu nyingi ya kuyatoa, na faida yote itakwenda na povu.

Sasa salfeti. Zipo katika shampuu nyingi za kawaida, na ile inayopatikana zaidi huitwa sodiamu laureti salfeti; kwenye chupa neno la mwisho huandikwa kwa herufi s-u-l-f-a-t-e, na mara nyingi hukaa la pili au la tatu baada ya maji. Hutoa povu jingi na hung'oa mafuta kwa nguvu. Shampuu isiyo nazo husafisha kwa upole zaidi, povu lake ni dogo, na wengi hudhani haifanyi kazi wakaongeza kipimo mara mbili. Lakini tahadhari yangu kubwa ni kwa sabuni ya kipande. Haina salfeti hata chembe, na nimewahi kusikia mtu akiisifu kwa sababu hiyo hiyo, ilhali ni kali kwa namna nyingine: hali yake ya kialkali huyainua magamba, na katika maji yetu magumu ya visima vya mawe ya matumbawe huacha utando unaofanya rangi ionekane imefifia hata pale ambapo bado ipo. Ukipitisha vidole kwenye nywele zilizokauka ukahisi kama nta, huo ni utando.

Mwenye rangi ya kahawia afuate haya haya, ila yeye atakuwa na muda mrefu zaidi kabla ya kuona wekundu wa kutu. Mwenye nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha, au zilizopaushwa kabla ya kutiwa rangi, asitarajie mengi, kwa kuwa magamba yake yameshaharibika na hayakai chini tena.

Mdogo wangu alitia rangi upya mwezi wa Machi, akakaa siku 3 bila kuosha, kisha akashika utaratibu huu. Kila baada ya wiki mbili hupaka kondishena yenye rangi nyekundu, isiyo na peroksaidi, kwa dakika 15, ili kurudisha kilichotoka. Wiki ya saba maruni ilikuwa bado maruni, ingawa ncha zilishaanza kupauka na taulo jeupe lilikuwa likichukua uwaridi kidogo. Glavu hataki kuvaa, na kucha za mkono wake wa kulia hadi leo zina rangi ya ubuyu.

Msomaji wenu, Jang'ombe, Unguja