Mechi saa 3 asubuhi: kijana ale nini, na ale saa ngapi

Swali: "Wakuu, kijana wangu ana miaka 14, anacheza winga timu ya mtaani. Mechi zao ni Jumamosi saa 3 asubuhi. Akinywa chai nzito kabla ya kwenda anatapika uwanjani. Asipokula, kipindi cha pili anakuwa hoi. Nimpe nini na saa ngapi? Na akirudi nimlishe nini?"

Dada yangu, hilo lilinisumbua karibu msimu mzima. Wangu sasa ana miaka 16, lakini alipokuwa na umri wa kijana wako nilikuwa mbeba ndoo ya maji wa timu yao hapa Dar, kwa hiyo nimeona watoto wengi wakitapika pembeni ya uwanja, si wa kwangu peke yake.

Jumamosi ya kwanza tuliyoharibu ilikuwa hivi. Mama yake alimwamsha saa 1 na nusu, akamwekea chapati mbili, bakuli la maharage ya nazi na chai ya maziwa. Alikula akamaliza, tukadandia bodaboda. Dakika ya 20 akashika ubavu, akatembea hadi kwenye kibendera cha kona, akainama. Maharage yalitoka mazima, kama yalivyoingia. Wiki iliyofuata tukaenda upande wa pili: glasi moja ya maji na safari. Kipindi cha kwanza alicheza vizuri. Cha pili kilipoanza, kila mpira ukawa unampita kwa hatua moja, na hata akipigiwa kelele hageuki. Kocha akamtoa, akaja kukaa karibu na ndoo yangu akaniambia kichwa chepesi, anaona nyota.

Chapati na maharage si vyakula vibaya. Tulikosea saa. Mafuta na nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu, na mlo kama ule unaweza kuchukua saa tatu, nne, kabla tumbo halijaachia. Mtoto akianza kukimbia, damu nyingi inakwenda miguuni, tumbo linabaki na kidogo, usagaji unasinzia. Kilichomo ndani kinasukwasukwa kila anaporuka. Hapo ndipo kichomi cha ubavu na kutapika vinapotokea.

Sasa kuhusu ile ya kwenda na njaa, maana wengi hawaielewi. Mwili huweka akiba ya wanga sehemu mbili, kwenye misuli na kwenye ini. Akilala, akiba ya misuli inabaki karibu kama alivyolala nayo. Ya ini ndiyo inayoliwa usiku kucha, kwa sababu ubongo unahitaji sukari hata mtu akiwa usingizini. Kwa hiyo asubuhi kijana ana miguu yenye akiba lakini ini limepungukiwa. Anaanza mechi vizuri, halafu sukari ya damu inashuka na kichwa kinakuwa chepesi. Ndiyo maana mlo wa usiku wa Ijumaa ndio unaojaza miguu, na wa Jumamosi asubuhi kazi yake ni kulirudishia ini tu. Ukishalielewa hilo hutamlazimisha tena kula sahani kubwa alfajiri.

Ijumaa usiku basi, ale mapema kidogo, saa 1 na nusu au saa 2, na sahani iwe ya wanga zaidi. Kwetu ilikuwa wali na samaki wa kuchemsha au kuku wa mchuzi, mboga ya majani kidogo. Ugali nao unafaa, na hata ndizi za kupika. Tulichoacha ni chipsi mayai za saa 4 usiku. Zilimfanya aamke amejaa gesi na hataki kuona uji. Hapo pia ndipo anapoanza kunywa maji. Nilikuwa namwambia aangalie mkojo wa asubuhi: ukiwa na rangi ya maji ya limao, sawa, ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, ameshachelewa kabla hajagusa mpira.

Asubuhi, hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye kipyenga. Kipyenga saa 3, ale saa 12 na robo. Ndiyo, ni mapema na atanuna. Wangu alinuna wiki mbili, ya tatu akazoea kwa sababu alikula akarudi kujilaza nusu saa. Kinachofaa saa hiyo ni wanga laini usio na mafuta mengi. Uji wa mchele au wa sembe, kikombe kikubwa chenye kijiko kimoja cha chakula cha sukari, pamoja na slesi mbili za mkate zilizopakwa asali au jemu. Akitaka yai moja la kuchemsha mpe, muda bado upo. Maji glasi moja hadi moja na nusu.

Kwa wanaopenda kupima: kijana hutafutiwa kama gramu 1 hadi 2 za wanga kwa kila kilo ya uzito katika mlo huo wa saa mbili au tatu kabla. Wangu alikuwa na kilo 45, yaani gramu 45 hadi 90. Uji ule una kama 35, slesi mbili kama 30. Tayari 65, na tumbo jepesi. Sikuwahi kupima tena baada ya siku hiyo, kikombe kilikuwa kilekile kila wiki.

Jihadhari na uji wa lishe, ule wa kuchanganya karanga, soya na nafaka tano. Ni mzuri sana kwa siku nyingine, lakini karanga na soya zinaufanya mzito, na tuliujaribu ukarudi kama chapati. Chai ya maziwa vilevile, kwa baadhi ya watoto maziwa kabla ya kukimbia yanavuruga tumbo. Chai ya rangi isiyokolea haina tabu.

Halafu kuna kitafunio cha karibu na mechi, na hapa wazazi tunaharibu kwa huruma. Saa 2 na robo, yaani dakika 45 kabla, ndizi mbivu moja. Basi. Si maandazi mawili ya pale nje ya uwanja, si sambusa, si mihogo ya kukaanga. Ndizi mbivu ina gramu kama 25 za wanga, ni laini na inapita haraka. Akiwa ni mtoto wa wasiwasi ambaye hawezi kutafuna kabla ya mechi, mpe juisi kidogo iliyoongezwa maji nusu kwa nusu. Maji baada ya hapo ni mafunda, si chupa nzima kwa mkupuo, maana tumbo lililojaa maji nalo linauma.

Lile kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu ambalo wenzake wanapeana vyumbani usimruhusu. Lina kafeini nyingi kwa umri huo. Nilimwona mmoja wao amekaa benchi anatetemeka mikono na moyo unamwenda mbio, na mechi ilikuwa haijaanza.

Tatizo ambalo hakuna anayekuambia ni ratiba zetu. Mechi ya saa 3 inaanza saa 4 na nusu kwa sababu waliotangulia wamegombana na refa. Ukitegemea uji wa saa 12, ini limeshaanza kudai. Kwa hiyo begi langu lilikuwa na ndizi ya akiba na slesi mbili kavu. Tukiambiwa mechi imesogezwa kwa zaidi ya saa moja, anakula slesi moja papo hapo, na ndizi anaisubirisha hadi ijulikane kwa uhakika lini wanaingia. Kanuni yangu haikubadilika: ikibaki zaidi ya saa moja, mkate, chini ya hapo, nusu ndizi, wakishaanza kupasha misuli, maji tu.

Mapumziko, vipande vya chungwa na maji. Nusu chungwa inatosha. Wale wa glukosi ya unga, kama mnaitumia, iwe kijiko kimoja cha chai kwenye glasi kubwa ya maji. Nimeona mtu anamlambisha mtoto unga mkavu kwenye kiganja, na dakika kumi baadaye mtoto kashika tumbo. Sukari ikizidi tumboni inavuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo.

Akirudi nje ya uwanja usimlazimishe wali hapohapo. Wengi hawana hamu ya kula dakika za mwanzo baada ya kukimbia, na si ugonjwa. Lakini usimwache hadi saa 8 mchana pia, maana hapo ndipo wanapoishia kwenye soda na keki, halafu wanalala na kuamka wamekakamaa. Ndani ya nusu saa hadi saa moja nilimpa mtindi nusu lita na ndizi. Mtindi huo una protini kama gramu 16, na mtoto wa kilo 45 anahitaji 13 au 14 hivi kwa mara moja ili misuli iliyochanika ianze kujijenga. Wanga wa mtindi na ndizi kwa pamoja unakaribia gramu 45, yaani gramu moja kwa kila kilo yake. Kama maziwa yanamkorofisha, mayai mawili ya kuchemsha kwa muuzaji wa pale nje na ndizi mbili vinafika karibu na hapo.

Mlo kamili ufuate saa 6 au saa 7. Hapo sasa maharage yarudi na chapati zake. Wangu alikuwa anadai mbili za Jumamosi ile ya kwanza kila wiki, kama deni.

Kuhusu maji baada ya mechi, mzani wa nyumbani utakusaidia mara moja au mbili. Nilimpima kabla ya kutoka, 45.2, na tuliporudi, 44.5, akiwa amejifuta jasho na nguo zilezile. Gramu 700 zilizopotea karibu zote ni maji. Alikunywa kama lita moja, kidogo kidogo hadi mchana, pamoja na chakula chenye chumvi ya kawaida. Akipungua zaidi ya kilo moja kwa uzito ule, ujue hakunywa vya kutosha uwanjani, na joto la Dar halimsubiri mtu.

Usianze mpango huu siku ya mechi muhimu. Ujaribu siku ya mazoezi ya asubuhi, uanze na nusu ya uji, uone tumbo linasemaje. Wangu ilibidi tuondoe yai, akacheza vizuri zaidi bila hilo. Na kama amekula kwa saa zake na bado anaona nyota au anazimia uwanjani, hapo si suala la uji tena, mpeleke hospitali apimwe damu na moyo kabla hajacheza mechi nyingine.

Kuna kitu hukukisema: Jumapili anacheza tena? Kama ndiyo, wali wa Jumamosi usiku uongezwe upawa mmoja.