Bibi na meneja hawaandikiwi sawa: maswali yenu kuhusu heshima katika tafsiri

Nimekulia Uingereza, sasa nafanya kazi Tanga, na bado nafikiri kwa Kiingereza kwanza. Nina ujumbe mmoja kwa watu wawili, bibi yangu wa Muheza na meneja wangu: Jumamosi siji, gari limeharibika, nitumie zile karatasi kabla ya Ijumaa. Niutafsirije?

Kabla ya kugusa neno lolote, jiulize mambo matatu kuhusu anayeandikiwa: amekuzidi umri kiasi gani, ni nani kwako kwa undugu, na ana cheo gani juu yako. Wengi wanaotoka kwenye Kiingereza hujiuliza jambo moja tu, kama ujumbe ni rasmi au si rasmi. Ukipima hivyo utamweka bibi upande wa "si rasmi" kwa kuwa ni mtu wa nyumbani, na hapo ndipo utakapomkosea. Bibi yako ni wa karibu sana na anastahili heshima kubwa kwa wakati uleule. Meneja naye anapewa heshima ya umbali.

Kwa bibi ningeandika hivi:

"Shikamoo Bibi. Habari za hapo nyumbani? Natumaini mmeamka salama. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Bibi, nilikuahidi kuja Jumamosi, lakini gari limeharibika na fundi bado hajalimaliza, kwa hiyo sitaweza kufika. Naomba uniwie radhi. Halafu nina ombi: zile karatasi za shamba, naomba umwambie mjomba azipige picha anitumie, nikizipata kabla ya Ijumaa itanisaidia sana. Nisalimie wote. Mjukuu wako."

Na kwa meneja:

"Habari za asubuhi, Bi. Meneja. Naomba kukujulisha kwamba Jumamosi sitaweza kufika kazini kwa sababu gari langu limeharibika. Pia naomba unitumie nakala ya mkataba wangu kabla ya Ijumaa. Asante." Kisha jina lako kamili.

Angalia mpangilio kwanza. Kwa bibi, habari ya kutokuja haitangulii. Inatanguliwa na salamu, hali ya nyumba nzima, ahadi uliyoitoa na sababu ya kuivunja. Ukianza na "Sitakuja Jumamosi", atasoma ujumbe wote akidhani kuna msiba au umekasirika. Kwa meneja ni kinyume: salamu moja, kisha jambo lenyewe, maana ukizunguka sana ataanza kuhisi kwamba sababu yako ni ya kutunga.

Halafu tazama namna ya kuomba. Kitenzi cha amri kilicho wazi, "nitumie", hakifai kwa yeyote kati ya hao wawili. Kitenzi kinapaswa kuingia katika hali ya kuomba, "naomba unitumie". Kwa bibi nimeenda hatua moja zaidi: sikumtaka yeye afanye kazi hiyo, nimemwomba amwambie mtu mwingine. Mzee haagizwi moja kwa moja na mjukuu hata pale ambapo kila mtu anajua kuwa kazi itafanywa na kijana aliye pale nyumbani. Tarehe ya mwisho nayo nimeigeuza kuwa msaada, "nikizipata kabla ya Ijumaa itanisaidia sana". Kwa meneja tarehe inabaki kavu kama ilivyo.

Mtaona sikutumia "tafadhali" popote. Neno hili linafaa ofisini na mtu wa kaunta, na ukiliongeza kwa meneja haliharibu kitu. Kwa bibi linasomeka kama tangazo la ukutani la hospitali, la "tafadhali nyamaza". "Naomba" linatosha.

Natafsiri kutoka Kifaransa. Huko mtu mmoja wa heshima unamsemesha kwa wingi. Nikimwandikia babu wa Kigoma, nitumie "ninyi"?

Hapana. Kiswahili sanifu hakina wingi wa heshima. Ukimwandikia babu "mmepona?" ataelewa kwamba unaulizia wote waliougua pale nyumbani, na anaweza kukujibu habari za watoto. Zipo lugha za jirani zinazofanya hivyo, Kichewa kwa mfano kina "iwe" kwa mtu wa kawaida na "inu" kwa wengi au kwa mmoja anayeheshimiwa, na wanaotoka katika lugha za namna hiyo wingi huo huwaponyoka mara mojamoja. Lakini msomaji wa Kigoma usimtegemee alichukue hivyo.

Heshima yako ihamishie mahali pengine: katika jina la undugu na katika kulinyima nafasi neno "wewe". Kitenzi cha Kiswahili tayari kina nafsi ndani yake, "unakuja", kwa hiyo "wewe" likitajwa peke yake linakuwa la kusisitiza, na kusisitiza mbele ya mzee kunageuka kumnyooshea kidole. "Wewe utakuja lini?" ni swali la mtu mwenye hasira. "Babu, utakuja lini?" ni swali la mjukuu. Mtafsiri anayeona nafsi imeandikwa katika kila sentensi ya Kifaransa au Kiingereza huiweka kila mara bila kujua. Ukimaliza tafsiri, tafuta kila "wewe" katika ujumbe, lifute, na pale sauti inapodai kitu weka "Babu" au "Mama". Mbinu hiyohiyo inafaa kwa meneja, ila pengo lake mara nyingi halihitaji kujazwa.

Kuna wingi mmoja ulio halali, nao nimeutumia hapo juu: "mmeamka salama". Huo ni wingi wa kweli, unaulizia nyumba nzima.

Meneja wetu ni mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Mwenzangu aliyezoea Kiingereza ameniandikia ujumbe wa kumpelekea, akaanza na "Shikamoo". Ni sawa?

Si sawa. Shikamoo inafuata umri na undugu, cheo peke yake hakiipi haki. Ukimpa mtu uliyemzidi umri unamtia aibu, kwa sababu jibu lake ni "Marahaba", na kijana mwenye adabu hawezi kumwitikia mkubwa wake hivyo. Mwandikie "Habari za kazi" na cheo chake, inatosha kabisa.

Meneja akiwa amekuzidi umri mambo yanabadilika. Bara na Pwani ya Tanzania wengi watampa shikamoo wakikutana naye mlangoni, na wengine wataiandika kwenye ujumbe wa simu. Katika barua inayoingia kwenye faili usiiweke. Hapo kuna desturi yake: "Ndugu Meneja" au cheo, kisha mstari wa "Yah:" wenye jambo lenyewe, kisha maelezo. Na jihadhari na "Mpendwa Meneja". Barua za Kiingereza hufunguliwa kwa neno la mapenzi ambalo limekwisha kupoa kwa mazoea, lakini "mpendwa" la Kiswahili bado lina joto lake. Kwa bibi ni zuri, kwa bosi linashangaza.

Salamu nyingine inayoteleza ni "Hujambo". Katika nyumba nyingi za Tanzania ni mkubwa anayemwambia mdogo "hujambo", na mdogo hujibu "sijambo, shikamoo". Ukiianza wewe kwa bibi, umejikalisha kwenye kiti chake.

Bibi yangu wa Bagamoyo huniandikia "Marahaba mume wangu, umenisahau siku hizi". Nataka kumtafsiria mke wangu asiyejua Kiswahili. Naogopa!

Usiogope, lakini usitafsiri neno kwa neno. Huu ni utani wa bibi na mjukuu, ambao una haki yake na mipaka yake. Babu humwita mjukuu wa kike mke wake, bibi humwita wa kiume mume wake, na mjukuu anaruhusiwa kujibu kwa utani uleule. Ndiyo maana nasema kipimo cha rasmi na si rasmi hakitoshi: mtu huyuhuyu unayempa shikamoo kila asubuhi ndiye unayeweza kumtania kuliko mtu yeyote nyumbani. Baba yako humtanii hivyo.

Kwa mkeo andika kitu kama "mjukuu wangu kipenzi", kisha mweleze kwa mdomo utani wenyewe, maana atausikia tena siku atakapofika Bagamoyo na ni bora ajue kabla. "Marahaba" usilitafutie neno. Linaonyesha kwamba wewe ulisalimia kwanza kama inavyotakiwa. Katika tafsiri salamu yoyote ya upole itabeba kazi hiyo.

Unapomjibu bibi, weka shikamoo kwanza, utani baadaye. Utani ukitangulia bila salamu, unakuwa utovu wa adabu.

Niko Nairobi. Mteja kutoka Dar amenipa ujumbe wenye "Bibi" kila mstari. Nimpelekee mzee wa hapa hivyohivyo?

Badilisha. Kwa Wakenya wengi "bibi" ni mke, na mzee wa kike ataitwa "nyanya" au "shosho". Kwa Mtanzania mambo yanageuka, nyanya ni ya kuungia mchuzi. Shikamoo nayo ina nguvu zaidi Pwani, Mombasa na Lamu, kuliko bara ya Kenya, ambako "Habari yako, nyanya" inapokelewa vizuri. Muulize mteja mzee anaishi wapi na amekulia wapi, kisha ndipo uchague.

Nimeolewa Ujerumani. Nilimtafsiria bibi wa mume wangu salamu za mama nikatumia ile nafsi yao ya heshima. Familia ilinyamaza. Kwa nini?

Kwa sababu Kijerumani kinagawa kwa ukaribu. Nafsi ya karibu ni ya familia nzima, hata bibi mwenye miaka tisini, na ile uliyotumia ni ya meneja, daktari na mtu usiyemjua. Ulimweka bibi nje ya mlango wa nyumba yake. Salamu za mama ziandike kwa nafsi ya karibu, na heshima uiweke katika kumwita bibi na katika maneno ya upole. Kwa meneja baki na ile ya mbali mpaka yeye mwenyewe, akiwa mkubwa kwa umri au cheo, akuambie muache.

Mjomba wangu ndiye meneja wangu. Naandika barua ya kuomba likizo, imetoka kwenye fomu ya Kiingereza. Nimwite nani?

Tazama nani mwingine ataisoma. Barua itapita kwa mtu wa rasilimali watu na kubaki kwenye faili, kwa hiyo ndani yake yeye ni "Ndugu Meneja" tu, bila shikamoo na bila salamu za shangazi. Ukimwita mjomba humo unamweka mahali pabaya: wenzako wataona likizo imetolewa kwa undugu, hata kama ulistahili.

Kisha mpigie simu au mwandikie pembeni, "Shikamoo Mjomba, nimeleta barua ya likizo ofisini, naomba uiangalie." Ukiacha hatua hii, naye atahisi umemfanya mgeni. Usichanganye sauti hizi mbili katika karatasi moja, kwa mfano "Ndugu Meneja" juu na "mjomba wangu mpenzi" chini. Na ile sentensi ya fomu inayosema unategemea kibali chake haraka, iandike "Nitashukuru kupata jibu kabla ya tarehe hiyo."