Namba 0.0065 ya jaribio la tohara la Kisumu inasema nini?

*Swali: Mwalimu, habari za kazi. Nasomea afya ya jamii hapa Kisumu, mwaka wa tatu. Kwenye makala ya jaribio la tohara na virusi vya Ukimwi tumekuta p=0.0065. Mwenzangu anasema maana yake tuna uhakika wa asilimia 99.35 kwamba tohara inakinga. Mimi nasema ni uwezekano kwamba matokeo yalitokea kwa bahati tu. Nani yuko sahihi? Tena mradi wetu wa klorini mtaani Nyalenda umetupa p=0.30, na tumeambiwa tuandike "hakuna tofauti". Naomba utueleze bila fomula.*

Nyote wawili mmekosea, na kosa ni lile lile. Wewe umelisema kwa upole zaidi, basi.

Tuanze na watu wenyewe kabla ya p. Jaribio hilo liliandikisha vijana wa kiume 2,784 wa miaka 18 hadi 24 hapa Kisumu, wote wakiwa hawajatahiriwa wala hawana virusi. Wakagawanywa kwa kura: 1,391 watahiriwe mara moja, na 1,393 wasubiri, wawe kundi la kulinganishia. Jaribio liliposimamishwa Desemba 2006, walioambukizwa walikuwa 69 kwa jumla. Kati yao 22 walitoka kundi la tohara na 47 kundi la kusubiri.

Sasa ingia kwenye viatu vya mtu mbishi. Anasema: "Tohara haifanyi lolote. Hao 69 wangeambukizwa tu, wakate wasikate. Kura ndiyo iliyowatupa 22 huku na 47 kule." Dai lake ndilo nadharia tete ya hakuna tofauti, ambayo hupimwa kila mara. Uzuri wake ni kwamba tukilikubali kwa muda, tunaweza kuhesabu kinachotarajiwa. Makundi yalikaribia kulingana, kwa hiyo kila mmoja wa wale 69 alikuwa na nafasi sawa ya kuangukia upande wowote. Ni kama kurusha shilingi moja mara 69, upande wa twiga uwe tohara, upande wa nembo uwe kusubiri.

Ukirusha mara 69 unatarajia twiga kama 34 au 35. Ukipata 31 hushangai. Ukipata 40 pia hushangai. Je, 22? Mkiwa na subira mnaweza kuketi darasani na sarafu, mrushe mara 69, mwandike idadi ya twiga, mrudie tena na tena. Kompyuta ina subira kuliko nyinyi, na kwenye programu ya takwimu iitwayo R kazi yote ni mistari miwili:

```r
twiga <- rbinom(100000, size = 69, prob = 0.5)
mean(twiga <= 22 | twiga >= 47)
```

Mstari wa kwanza unarudia mchezo huo mara laki moja. Wa pili unauliza ni sehemu gani ya michezo hiyo iliyotoa mgawanyo wa 22 kwa 47 au uliopotoka zaidi, upande wowote. Nimesema upande wowote kwa sababu kabla ya jaribio kuanza hakuna aliyekuwa na haki ya kuamini kwamba tohara ikileta tofauti, lazima iwe ya kukinga. Ingeweza pia kuongeza hatari. Jibu litacheza karibu na 0.0035, yaani mara tatu au nne katika kila 1,000. Hiyo ndiyo thamani ya p, na hakuna siri nyingine ndani yake. Makala ina 0.0065 kwa sababu watafiti walizingatia pia muda ambao kila kijana alifuatiliwa, jambo ambalo sarafu yetu haijui. Tofauti kati ya namba hizo mbili isikusumbue. Zote zinamwambia mbishi kwamba ulimwengu anaoudai hutoa matokeo kama haya kwa nadra sana.

Angalia sasa kilichotokea. Ili kuipata hiyo namba, tulianza kwa *kukubali* kwamba ni bahati tupu. Bahati tulikwisha kuipa asilimia mia kabla ya kurusha sarafu ya kwanza. Namba iliyozaliwa ndani ya dhana hiyo haiwezi kugeuka ikatuambia dhana yenyewe ina uwezekano gani. Ndiyo maana "uwezekano kwamba ni bahati" si sahihi, na "uhakika wa asilimia 99.35" ni kosa hilo hilo lililogeuzwa kichwa chini. P inasema: kama tohara haifanyi lolote, matokeo yaliyopotoka kiasi hiki au zaidi yangeonekana mara 65 katika kila 10,000. Lile neno "kama" likidondoka, sentensi nzima imeharibika.

Ukitaka kuona kwamba huu si ubishi wa maneno, fikiria jaribio lenye idadi zile zile, ila badala ya tohara kundi moja limevishwa hirizi mkononi. Hesabu ingetoa p ile ile. Je, ungeiamini hirizi kwa kiwango kile kile? Tohara ilikuja na ushahidi mwingine: sababu za kibayolojia kwenye ngozi ya govi, na majaribio mengine mawili, la Orange Farm Afrika Kusini na la Rakai Uganda, yaliyoelekea upande ule ule. Hayo yote yako nje ya p. Imani yako juu ya tohara inajengwa kwa p pamoja na hayo, haitoki kwenye p peke yake.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wa kwetu huku Nyanza wanapaswa kulielewa kuliko wengine. Muda mrefu kabla ya jaribio, watu walikuwa wameona kwamba maambukizi ni mengi zaidi kwa jamii zisizotahiri kuliko zinazotahiri. Ukilinganisha Waluo na majirani zao Waluhya kwa sampuli ya maelfu, unaweza kupata p yenye sifuri nyingi baada ya nukta. Lakini jamii hizo zinatofautiana kwa mengi zaidi ya tohara: ndoa, kazi, safari, shughuli za ziwani. P ndogo hapo inamjibu mbishi anayesema "ni bahati", basi. Anayesema "ni tohara kweli, au ni mambo mengine?" haijamjibu hata kidogo. Kilichomjibu huyu wa pili ni kura. Ilipoamua nani atahiriwe sasa na nani asubiri, hayo mengine yaligawanyika bila kupendelea upande. Kwa hiyo mkisoma makala, kabla ya kuitazama p tazameni makundi yalipatikanaje. Mimi huanzia hapo, na mara nyingine sifiki kwenye p.

Tuje Nyalenda. Hukuniandikia idadi, kwa hiyo nitatumia za mfano zinazotoa p kama yenu: kaya 40 zinazotia klorini kwenye maji ya kunywa, watoto wakiwa wameharisha katika kaya 8, na kaya 40 zisizotia, ambako waliharisha katika kaya 12. Asilimia 20 dhidi ya 30. P inakuja karibu 0.30. Maana yake, kama klorini haihusiani kabisa na kuharisha, pengo la ukubwa huo au zaidi lingejitokeza karibu mara tatu katika kila kumi. Mbishi hajashangazwa. Lakini kutomshangaza mbishi si kuthibitisha kwamba amesema kweli.

Rudi kwenye jaribio la tohara ulikate mara kumi. Tuseme lingekuwa na vijana kama 139 kila upande, na maambukizi 2 upande wa tohara dhidi ya 5. Uwiano ni karibu ule ule, nusu au chini ya nusu. Badilisha 69 iwe 7 kwenye ile mistari ya R, na mipaka iwe 2 na 5: utapata p ya 0.45 hivi. Tohara ni ile ile, kinga ni ile ile, ila kwa watu wachache hivyo ungelazimika kuandika "hakuna tofauti", na ungekuwa umekosea vibaya. P kubwa inaweza kutokana na dawa isiyofanya kazi, au na sampuli isiyo na macho ya kuona. Namba yenyewe haikuambii ni lipi kati ya hayo.

Kinachosaidia kutofautisha ni kutoa makadirio pamoja na mipaka yake, yaani athari ndogo na kubwa kabisa ambazo takwimu bado zinaafikiana nazo. Kwa jaribio la Kisumu, hatari ilipungua kwa asilimia 53, na mipaka ya asilimia 95 ilikuwa kuanzia 22 hadi 72. Hata mwisho wa chini bado ni kinga ya maana. Kwa mfano wa Nyalenda, pengo ni pointi 10, na mipaka inaanzia takribani pointi 9 upande wa *kudhuru* hadi pointi 29 upande wa kukinga. Yaani takwimu za mfano huu zinaafikiana na klorini isiyosaidia, na zinaafikiana pia na klorini inayosaidia sana. Ili pengo la 20 kwa 30 lionekane kwa uhakika wa kawaida wa kitafiti, yaani nafasi ya asilimia 80 ya kuligundua, mngehitaji karibu kaya 290 kila upande. Mfano wetu una 40. Hilo si kosa la klorini.

Msimamizi akisisitiza "hakuna tofauti", mwombeni mwandike hivi: "Kuharisha kulionekana katika asilimia 20 ya kaya zinazotumia klorini na 30 ya zisizotumia. Pengo ni pointi 10, mipaka ya asilimia 95 kuanzia -9 hadi 29, p=0.30. Sampuli ni ndogo mno kuamua kama klorini ina athari au la. Pia kaya hazikupangwa kwa kura." Wekeni idadi zenu halisi, na sentensi ya mwisho ibaki kama kweli hamkupiga kura.

Halafu, msirudi Nyalenda kuongeza kaya kumi kumi huku mkichungulia p kila jioni mpaka ishuke chini ya 0.05. Ukichungulia mara tano kwa vipindi sawa, na kila mara ukawa tayari kutangaza ushindi chini ya 0.05, basi hata kama hakuna tofauti yoyote utautangaza kwa uongo kama mara 14 katika kila 100, si 5. Jaribio la tohara nalo lilisimamishwa kabla ya muda uliopangwa, lakini waliochungulia walikuwa kamati huru ya usalama, na katika majaribio ya namna hiyo masharti ya kusimamisha huandikwa mapema na huwa makali kuliko 0.05. Mkitaka kaya zaidi, kadirieni idadi kwanza, iandikeni kwenye pendekezo, kusanyeni zote, ndipo mfungue R.