Wewe ni mhasibu bingwa, halafu PAYE inatoka kombo

"Nimeiambia AI wewe ni mhasibu bingwa wa Bongo lakini PAYE ya mshahara wa 900,000 bado inakosea, mbona?"

Hiyo sentensi inaiambia iongee kama nani tu mkuu, haiiongezei inachokijua, ndo maana inakujibu kwa kujiamini na "kwa mujibu wa sheria" kibao huku inatumia viwango vya zamani. Ngazi ya kwanza ya kodi ilishushwa toka asilimia 9 hadi 8 mwaka 2021, na mtandaoni majedwali ya zamani bado yamejaa. Cheki, 900,000 toa NSSF asilimia 10 inabaki 810,000, kwa jedwali jipya PAYE ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya ile 50,000 iliyozidi 760,000, yaani 80,500. Ikikupa 83,000 ujue imeshika la zamani.

Kwa hiyo kopi jedwali la TRA la sasa ulibandike humo humo kwenye ujumbe unaoiandikia, sema NSSF itolewe kwanza, iambie ionyeshe kila hatua, na ipe mfano mmoja uliokwisha kupigwa ukiwa na jibu lake. Hesabu yenyewe bora ikuandikie fomula ya Ekseli.

Jamaa aliyechangia hapo juu anayesema kwake kuiita bingwa kunasaidia, sawa, kwa barua ya kwenda kwa bosi hata mimi naitumia, pale unachotaka ni lugha. Kwenye hesabu sijaona faida ya maana, labda kwa modeli zingine.