Mwenzako akivunja mkataba, unaruhusiwa kuuchana?

Nchi moja ikivunja mkataba, si umeshakufa? Nyingine inangoja nini?

Haufi wenyewe. Ukiukaji mkubwa, yaani kuukana mkataba au kuvunja kifungu ambacho lengo lake linakitegemea, humpa aliyeumizwa haki ya kudai usitishwe au usimamishwe kwa muda. Kwa utaratibu wa Mkataba wa Vienna wa 1969, unaoweka kanuni za mikataba kati ya nchi, anatoa taarifa ya maandishi yenye sababu, kisha, pasipo dharura ya pekee, anampa mwenzake angalau miezi 3 ya kupinga.

Hungaria haikuwa na subira hiyo. Mwaka 1977 ilikubaliana na Chekoslovakia kujenga mabwawa ya Gabčíkovo na Nagymaros kwenye mto Danubi. Mwaka 1989, kwa hofu ya uharibifu wa mazingira, ikasimamisha kazi Nagymaros, kisha ikaachana nayo kabisa. Novemba 1991 Chekoslovakia ikaanza ujenzi wa kuuchepusha mto upande wake. Tarehe 19 Mei 1992 Hungaria ikatangaza kwamba mkataba unakoma tarehe 25. Siku 6!

Lakini Chekoslovakia nayo ilikosa, au siyo?

Ilikosa, ila baadaye. Katika hukumu ya 1997, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema ujenzi wenyewe haukuwa kosa. Kosa lilikuja Oktoba 1992, maji yalipochepushwa. Mwezi Mei, basi, Hungaria ilikuwa ikiadhibu kosa ambalo lilikuwa halijatendeka. Tena yenyewe ndiyo iliyotangulia kuacha kazi na kumsukuma mwenzake huko, jambo lililoidhoofishia madai yake. Mimi naona hapo ndipo kesi ilipopotelea.

Ukomunisti ulianguka, uchumi ukageuka. Hayo si mabadiliko ya kutosha?

Hungaria ilidai hivyo hivyo, ikakataliwa. Mabadiliko yanayokubalika ni yale ambayo hayakutarajiwa, yanayogusa msingi hasa wa ridhaa ya pande zote, na yanayougeuza kabisa uzito wa majukumu yaliyobaki. Shabaha ya mkataba ule ilikuwa umeme, usafiri wa majini na kuzuia mafuriko, na Danubi ilifurika chini ya serikali yoyote. Faida ya mradi huenda ilipungua, lakini kupungua hakutoshi. Kuhusu mazingira, vifungu vya mkataba wenyewe viliacha nafasi ya kurekebisha mipango kadiri elimu inavyoongezeka. Na anayeyaleta mabadiliko kwa kuvunja wajibu wake hawezi kuyatumia kama mlango wa kutokea.

Je, hoja hiyo ingeweza kufuta mpaka wa kikoloni, mathalani ule wa 1890 kwenye Ziwa Nyasa?

Hapana. Mikataba inayoweka mipaka imetengwa waziwazi na kanuni ya mabadiliko ya hali. Tanzania na Malawi zinaweza kubishana juu ya tafsiri, ramani au mwenendo wa watawala waliopita, lakini kusema tu kwamba wakoloni wameondoka na nyakati zimebadilika hakuusogezi mstari.