Grosi ya kupata milioni mkononi

"Wakuu, nataka mkononi ibaki milioni moja kamili, nakatwa NSSF na bodi ya mikopo, niwatajie grosi ngapi?"

Mkuu taja 1,725,000, chini ya hapo hufiki, nachukulia uko sekta binafsi bara na mshahara wote ni besiki. Ngoja nikuoneshe inavyokatwa. NSSF inatangulia, 10% ni 172,500, inabaki 1,552,500 na hiyo ndo inayopigwa PAYE. Milioni ya kwanza kodi yake ni 128,000, kinachozidi wanachukua 30%, yaani 165,750, jumla kodi 293,750. Halafu bodi wanakuja na 15% yao, na hapa ndo watu wengi wanapigwa hesabu vibaya, maana hiyo 15% wanaikata kwenye besiki nzima sio kwenye kilichobaki, na haikupunguzii kodi hata shilingi. Ni 258,750. Toa zote, unabaki na 1,000,000 juu ya alama.

Ukitaka kiwango kingine chukua hela unayoitaka, toa 172,000, gawanya kwa 0.48. Asiyedaiwa na bodi anagawanya kwa 0.63, kwa hiyo milioni yako yeye anaipata kwa grosi ya 1,314,286 tu, deni linauma bana. Ila hiyo fomula inafanya kazi kama baada ya NSSF unabaki zaidi ya milioni, chini ya hapo asilimia za kodi zinashuka. Na wakikugawia besiki na alawansi slipu itasoma tofauti, waulize mapema besiki ni shingapi.