Sifuri ya kiwango kinachotarajiwa

"Ninapima idhini ya malipo. Kiwango cha ukiukaji kinachovumilika nimeweka asilimia 5, na kinachotarajiwa sifuri ili sampuli iwe ndogo. Je, ni sawa?"

Sifuri inafaa tu iwapo ukaguzi wa mwaka uliopita au majaribio ya awali hayakuonyesha ukiukaji wowote. Kwa uhakika wa asilimia 95 utahitaji hati 59, lakini ukikuta hati moja tu ambayo sahihi ya muidhinishaji ina tarehe ya siku mbili baada ya benki kulipa, hesabu yako imeanguka, kwa kuwa huo ni ukiukaji hata kama malipo yenyewe yalikuwa halali.

Ukitarajia asilimia 1, sampuli hupanda hadi 93 na inabeba ukiukaji mmoja. Ukikuta miwili, kikomo cha juu cha ukiukaji unaoweza kuwapo katika hati zote hufika takriban asilimia 6.6, zaidi ya 5 unayovumilia, kwa hiyo huwezi kuutegemea udhibiti huo kama ulivyopanga, ijapokuwa miwili kati ya 93 ni kama asilimia 2 tu.

Kinachovumilika hutokana na kiasi unachokusudia kuutegemea udhibiti. Ukiegemea idhini hiyo ili upunguze upimaji wa malipo yenyewe, asilimia 5 ni ya busara. Ukiitegemea kidogo, 10 yaweza kutosha. Usikipandishe baada ya kuona matokeo (kishawishi hicho nakifahamu vizuri). Hati isiyopatikana, nayo, ihesabu kuwa ukiukaji; usiibadilishe kwa nyingine.